Simu ya Kitandani: Ukurasa Mweusi, Manjano ya Kandili, na Macho Yanayouma Bado

Mtu amewasha mandhari meusi. Amewasha na mwanga wa usiku, simu imekuwa ya manjano kama kandili. Mwangaza ameushusha mpaka mwisho. Lakini akisoma nusu saa tu kitandani macho yanamchonyota, paji la uso linambana, na akiinua uso kutazama mlango anauona kwa ukungu. Kinachofuata, mara nyingi, ni kupakua programu nyingine ya kuchuja mwanga na kuirundika juu ya zile zilizopo. Hapo ndipo wengi wanapojiumiza, kwa sababu vitu hivi vitatu vina kazi tofauti, na vikiwashwa vyote kwa pamoja bila mpango huyafanyisha macho kazi kubwa kuliko mwanzo.

Tuvitenganishe. Mandhari meusi hubadilisha rangi za ukurasa wenyewe: mandharinyuma yanakuwa meusi na herufi zinakuwa nyeupe. Mwanga wa usiku hauugusi ukurasa. Hupunguza bluu, na kijani kidogo, katika kila kinachoonekana kwenye skrini. Ndiyo maana ukipiga picha ya skrini ukamtumia mwenzako, yeye haoni manjano yoyote. Mwangaza nao ni nguvu ya taa: jumla ya mwanga unaotoka kwenye kioo cha simu kuja machoni. Kwa macho yanayouma, wa kushughulikiwa kwanza ni huu wa mwisho. Mwanga wa usiku unahusu usingizi zaidi kuliko macho, na mandhari meusi yanafaa au hayafai kutegemea chumba chako kina giza kiasi gani.

Bluu haikulaumiwa kwa haki

Bluu imesingiziwa mengi. Katika rangi za kawaida za skrini, nyeupe hutengenezwa kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, lakini jicho halizihesabu sawa. Katika ung'avu tunaouona, kijani huchangia karibu asilimia 72, nyekundu asilimia 21, na bluu asilimia 7 tu. Maana yake ni kwamba hata ukiiondoa bluu yote, ukurasa mweupe unaokuchoma macho umepungua ung'avu kwa asilimia 7. Jicho lililokuwa likifinywa kwa sababu ya ukali wa mwanga litaendelea kufinywa, isipokuwa sasa linafinyiwa mwanga wa manjano. Kwa upande wa miwani ya kuchuja bluu, mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yaliyofanywa na kuona kwamba, kwa muda mfupi, huenda haina tofauti na miwani ya kawaida katika kupunguza uchovu wa macho unaotokana na kompyuta.

Bluu ina kazi nyingine, nayo iko kwenye saa ya mwili. Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna chembe zisizohusika na kuona maumbo. Hizo huupa ubongo taarifa kwamba bado ni mchana, na huamshwa zaidi na mwanga wa urefu wa nanomita 480 hivi, yaani bluu ya anga. Hapo mwanga wa usiku una mantiki. Hata hivyo usitarajie makubwa. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwishoni mwa 2014, ambao ndio ulioeneza hofu ya skrini za usiku, uliwasomesha watu 12 kwenye aipadi kwa saa nne kila jioni, mwangaza ukiwa umepandishwa hadi juu kabisa, na walichelewa kupata usingizi kwa dakika 10 hivi wakilinganishwa na jioni walizosoma vitabu vya karatasi. Mwaka 2021 watafiti wa Utah waliwafuatilia vijana 167: wengine walitumia simu yenye rangi ya usiku, wengine simu ya kawaida, wengine hawakushika simu kabla ya kulala. Kwa ujumla, rangi ya usiku haikuleta usingizi bora.

Sababu moja ni ya hesabu tu. Ukishusha mwangaza mara kumi, bluu nayo imeshuka mara kumi pamoja na rangi nyingine zote. Hakuna chujio linalozidi hapo bila kuifanya skrini iwe nyekundu kama kaa la moto. Kwa hiyo tumia mwanga wa usiku, ni mzuri na huupa ukurasa rangi tulivu inayofanana na taa ya chumbani, ila uweke katikati ya mstari wake. Ukiusukuma hadi mwisho unaanza kula na kijani, na kijani ndiyo inayobeba kazi ya kuonyesha herufi.

Karatasi ndiyo kipimo

Swali la mwangaza lina kipimo rahisi: skrini ifanane na kitabu cha karatasi ambacho kingekuwa mahali pale pale. Chukua chumba chenye taa ya kitandani inayomwaga mwanga wa laksi 100 juu ya ukurasa, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia uso, na hicho ni kiasi cha kawaida kwa balbu ndogo. Karatasi nyeupe hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, na ukigawanya kwa 3.14 unapata niti 25 hivi, niti ikiwa kipimo cha ung'avu wa uso. Simu nyingi za leo, mstari wa mwangaza ukiwa juu kabisa, hutoa niti 400 hadi 500. Hiyo ni karibu mara ishirini ya karatasi iliyopo mkononi mwako. Taa ikizimwa tofauti haina tena kipimo cha maana: kuna mstatili mmoja unaowaka na giza pande zote.

Mboni ya jicho ndiyo inayolipa gharama hiyo. Inataka kufunguka kwa ajili ya giza la chumba na inataka kujifunga kwa ajili ya ukurasa, na kila unapopeleka jicho pembeni na kulirudisha, kazi inaanza upya. Jaribio ni hili: shika simu mbele yako, tazama ukuta ulio nyuma yake kwa sekunde tano, kisha rudisha macho kwenye ukurasa. Ukurasa ukionekana kama taa, mwangaza uko juu. Ukionekana kama karatasi yenye maandishi, umefika. Ukilazimika kuutafuta kabla ya kuanza kusoma, umeshusha mno.

Usiuamini mstari wa mwangaza kwa macho. Tangu Android 9 mstari ule hautembei sawasawa: umetengenezwa kufuata hisia ya jicho, kwa hiyo katikati yake si nusu ya mwanga. Robo ya kushoto ndiyo eneo lote la usiku, na ndani yake kidole kinapaswa kwenda polepole. Vilevile zima mwangaza wa kujirekebisha, ule unaoandikwa `Adaptive brightness`, kabla ya kuanza kusoma. Kihisi chake kiko juu, karibu na spika ya sikioni, na ukilala ubavu hufunikwa na kidole, na mto, au na pindo la shuka. Simu inadhani giza limezidi na inafifia. Ukijigeuza inaona taa ya korido na inapanda. Kubadilika huko ndiko kunakoyachosha macho, kuliko kiwango chenyewe.

Ukurasa mweusi na mboni iliyofunguka

Watu hudhani ukurasa mweusi ni mapumziko kwa jicho. Kwa jumla ya mwanga ni kweli, kwa sababu herufi hufunika sehemu ndogo tu ya ukurasa, na ukizigeuza kuwa nyeupe juu ya nyeusi kinachowaka ni sehemu hiyo ndogo. Anayelala pembeni yako atashukuru. Lakini katika kazi yenyewe ya kusoma, majaribio ya maabara yamerudia kuonyesha kwamba herufi nyeusi juu ya nyeupe husomeka kwa usahihi zaidi, na sababu ni mboni ile ile. Mwanga ukiwa mdogo mboni hupanuka, na mboni pana huruhusu miale ya pembeni mwa lenzi, mahali ambapo lenzi si safi kama katikati. Ni sawa na kamera iliyofunguliwa tundu lake lote: inaona gizani, ila kina cha picha kimekwisha na kingo zinalainika.

Kwa mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo kioo chake cha mbele hakikupinda sawasawa pande zote, mambo huwa mabaya zaidi. Herufi nyeupe kwenye weusi mtupu humwagika kingo, zinapata kivuli au mkia upande mmoja, na baada ya kurasa chache zinaonekana kama zinaelea. Ni rahisi kujijua. Fungua ukurasa mweusi wenye herufi nyeupe, funga jicho moja, tazama herufi `l` au `i` kwa dhiraa moja, kisha badili jicho. Ukiona kijiti kimoja kina pacha hafifu pembeni yake, au juu kumechafuka kuliko chini, mandhari meusi ya nyeupe juu ya nyeusi hayakufai kwa kusoma kirefu, hata kama yanakupendeza.

Dawa ya wengi iko katikati: mandharinyuma ya kijivu cheusi na herufi za kijivu cheupe, si nyeusi tii na nyeupe pe. Programu zinazokuruhusu kuchagua rangi, jaribu `#121212` kwa mandharinyuma na `#B0B0B0` kwa herufi. Tofauti ya ung'avu kati yake ni karibu 9 kwa 1, wakati nyeupe juu ya nyeusi ni 21 kwa 1, na kiwango cha chini kinachokubalika kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Bado una nafasi ya kutosha, na herufi zimeacha kuchoma. Kijivu hicho kina faida nyingine kwenye skrini za OLED: pikseli nyeusi tii imezimwa kabisa na huchelewa kidogo kuwaka, ndiyo maana ukisogeza ukurasa mweusi kwa kidole herufi huacha michirizi ya zambarau. Kwenye kijivu pikseli haijazimwa, na mchirizi unapungua sana.

Kama hujui skrini yako ni ya aina gani, fungua picha nyeusi tupu gizani. Ukishindwa kuona skrini inaishia wapi, ni OLED. Ukiona mstatili wa kijivu unaong'aa, ni LCD, kama zilivyo simu nyingi za bei nafuu, na taa ya nyuma inawaka muda wote hata ukurasa uwe mweusi vipi. Kwenye LCD mandhari meusi hayaokoi betri.

Shibiri na dhiraa

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe. Mandhari meusi, mwangaza wa chini kabisa, mwanga wa usiku umesukumwa hadi mwisho, na juu yake programu nyingine ya kufifisha: vyote vinakula tofauti iliyopo kati ya herufi na ukurasa. Herufi zinabaki kahawia iliyopauka juu ya weusi. Mkono, bila kukuuliza, unaisogeza simu karibu. Hapo umebadilisha kero ndogo ya mwanga kwa kazi kubwa ya misuli.

Kazi hiyo hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni 1 kugawanya kwa umbali wa mita. Ukishika simu dhiraa moja kutoka usoni, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ni sentimita 45 hivi, na lenzi ya jicho inajikaza kwa dayopta 2.2. Ukiisogeza hadi shibiri moja, sentimita 22 hivi, inajikaza kwa dayopta 4.5. Mara mbili ya kazi, na macho yote mawili yanalazimika pia kugeukia ndani zaidi ili yakutane kwenye neno moja. Kijana wa miaka 20 ana akiba kubwa na hatajua mapema. Mtu wa miaka 45 kwa kawaida uwezo wake umeshuka hadi dayopta 3 au 4, na kwa starehe anaweza kuendelea na nusu yake tu. Akishika simu shibiri moja anasoma kwa nguvu ambazo hana. Ule ukungu wa mlangoni nilioanza nao ni msuli uliokaza muda mrefu na unachelewa kulegea.

Kwa hiyo umbali uwe wa kwanza kuwekwa, na mengine yote yaufuate. Weka kiwiko kwenye godoro na simu kwenye ncha za vidole, huo ndio umbali. Kisha ongeza ukubwa wa herufi mpaka usome bila kufinya macho. Kipimo kizuri ni kunyoosha mkono wote: kama ukinyoosha bado unaweza kusoma, hata kwa taabu kidogo, basi kwenye dhiraa moja una akiba ya kutosha. Kama ukinyoosha tu maneno yanapotea, herufi ni ndogo, na baada ya kurasa kumi mkono utaanza kurudi usoni.

Chumba kimoja, simu moja

Tuchukue hali ya kawaida. Chumba kina giza, chandarua kimeshushwa, mwenza amelala, na msomaji wa miaka arobaini na kitu anasoma riwaya na makala za PDF kwenye simu ya Android 12 au zaidi. Haya ndiyo ningemwambia afanye, kwa utaratibu huu.

Kwanza ratiba. Aingie `Settings`, kisha `Display`, kisha `Night Light`. Kwenye Samsung jina ni `Eye comfort shield`, kwenye Xiaomi ni `Reading mode`, na Tecno na Infinix huita `Eye Care`. Asichague ratiba ya kuzama kwa jua. Kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo simu itageuka manjano bado watu wanapika, na atakayetaka kutazama picha ya kitambaa au ya gari linalouzwa ataona rangi ya uongo. Achague saa mwenyewe, tuseme 20:30 hadi 05:30. Ndugu walioko Stockholm wana shida ya kinyume: mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na ratiba hiyo ingewaacha na mwanga wa mchana mpaka wanapolala. Mstari wa ukali auweke katikati. Kwenye simu nyingi haugusiki mpaka mwanga wa usiku uwe umewashwa.

Pili, mandhari meusi: `Settings`, `Display`, `Dark theme`, nayo ayape saa zile zile. Ikiwa simu imegeuka nyeusi mchana bila kuambiwa, atazame kama `Battery Saver` imewashwa, kwa sababu huwasha mandhari meusi yenyewe. WhatsApp ina mlango wake: `Settings`, `Chats`, `Theme`, na hapo achague `System default` ili ifuate ratiba ya simu.

Tatu, mwangaza. Azime taa, akae dakika tano macho yazoee, azime `Adaptive brightness`, ashushe mstari hadi mwisho, kisha aupandishe kidogo kidogo simu ikiwa dhiraa moja mpaka herufi zisomeke bila juhudi. Aishie hapo. Ikiwa hata mwisho wa mstari bado ni mkali, na kwenye chumba cha giza kabisa simu nyingi ni kali, ndipo atumie `Extra dim`. Iko ndani ya `Accessibility`, na mahali pake hutofautiana kati ya simu, kwa hiyo ni rahisi kuandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia cha `Settings`. Ina mstari wake wa ukali. Aanze na robo. Na alama yake aiweke kwenye menyu ya juu, ile ya kuvuta kwa vidole viwili, kwenye kona anayoijua hata bila kuona. Asiyefanya hivyo atatoka asubuhi kwenye jua la Kariakoo akadhani simu imekufa.

Mwenye aifoni ana vitu hivyo hivyo kwa majina mengine. `Night Shift` iko kwenye `Display & Brightness`. Kinachofanya kazi ya `Extra dim` ni `Reduce White Point`, ndani ya `Accessibility`, `Display & Text Size`, na chini ya ukurasa huo huo ndipo ilipofichwa `Auto-Brightness`. `Reduce White Point` inaweza kuwekwa kwenye `Accessibility Shortcut`, ikawaka na kuzimika kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu.

Sasa PDF. Hapa mipango yote huvurugika, maana faili la PDF hubeba rangi zake na halisikii mandhari ya simu. Msomaji anatoka kwenye WhatsApp nyeusi, anagusa faili alilotumiwa, na ukurasa mweupe unamlipukia usoni wakati mboni imefunguka yote. Dawa ni kulifungua faili ndani ya programu yenye rangi zake za usiku. `ReadEra` inayo, na `Adobe Acrobat Reader` ina `Night mode` kwenye mipangilio yake ya kutazama. Kama PDF ni maandishi halisi, inageuka vizuri. Kama ni kurasa zilizopigwa picha, kama vile notisi nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya wanafunzi, kugeuza rangi hugeuza pia madoa ya karatasi na kivuli cha mkunjo wa kitabu, na ukurasa unajaa mawingu ya kijivu. Kwa hizo, naona ni heri kuacha ukurasa mweupe, kuongeza `Extra dim`, na kukata pambizo ili herufi zikue.

Na kuna usiku ambao jibu bora ni kuwasha taa. Ikiwa mwenza hayupo au hajali, balbu ndogo ya manjano nyuma ya bega, ukurasa wa rangi ya karatasi ya zamani na herufi nyeusi, mwangaza ukilingana na kitabu kilichopo pembeni: hapo mboni inajifunga kidogo, kingo za herufi zinakaza, na mwenye astigmatizimu anapata nafuu ambayo mandhari meusi hayawezi kumpa.

Yanayobaki baada ya kurekebisha

Mtu anaweza kuwa ameweka kila kitu sawa na bado akaumwa kichwa. Cha kwanza kushuku ni kuwakawaka kwa skrini. Skrini nyingi za OLED hazipunguzi mwanga kwa kufifia. Huwaka na kuzimika haraka, mara 240 kwa sekunde kwa mfano, na kadiri unavyoshusha mwangaza ndivyo muda wa kuzimika unavyorefuka. Jicho halioni, lakini baadhi ya watu hupata maumivu. Fungua ukurasa mweupe kwenye giza, ushushe mwangaza, kisha pitisha kalamu haraka mbele yake, kulia na kushoto. Ukiona ukungu mmoja laini, skrini imetulia. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana kama meno ya chanuo, inawakawaka. Kama simu ina mpangilio wa kuzuia hali hiyo, uwashe. Kama haina, pandisha mwangaza hadi nusu ya mstari au zaidi, kisha ufifishe kwa `Extra dim`, ambayo hupunguza rangi ya pikseli bila kugusa taa. Rudia jaribio la kalamu. Meno ya chanuo yanapaswa kusogeleana au kupotea.

Cha pili ni ukavu. Anayesoma skrini hupepesa macho mara chache kuliko anayeongea na mtu, na chozi linakauka kati ya kupepesa na kupepesa. Feni ya mezani iliyoelekezwa usoni, kama inavyohitajika kwenye joto la pwani, hulimaliza. Ukihisi kama kuna mchanga machoni lakini paji la uso halibani, usiguse mipangilio ya simu. Geuza feni ipige miguu, na kila ukifungua ukurasa mpya funga macho taratibu mpaka kope zikutane kabisa.

Cha tatu kinatisha lakini kina maelezo. Mtu amelala ubavu, jicho moja limezama kwenye mto, jingine linasoma. Anazima simu, na jicho lililokuwa likisoma halioni kitu kwa dakika kadhaa. Mwaka 2016 madaktari wa London waliandika kuhusu wanawake wawili waliofika na tatizo hilo wakafanyiwa vipimo. Jicho lililokuwa kwenye mto lilikuwa limezoea giza, lililosoma lilikuwa limezoea mwanga, na taa ilipozimika tofauti yao ikaonekana kama upofu wa upande mmoja. Kusoma kwa macho mawili huliondoa kabisa. Kutoona kwa jicho moja kunakotokea mchana, au bila simu, si jambo hilo, na kunahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Mwisho kuna macho yanayohitaji miwani. Simu ikiwa dhiraa moja, herufi kubwa, mwangaza sawa na karatasi, soma kurasa mbili kwa jicho la kulia umeziba la kushoto kwa kiganja, kisha ubadilishe. Jicho moja likisoma vizuri na jingine likipambana, au yote mawili yakiwa safi yakitazama peke yake na maneno yakigawanyika yakitazama pamoja, hakuna kitufe ndani ya simu kitakachorekebisha. Mpelekee mpima macho matokeo hayo mawili, na umbali unaosomea, ukiupima kwa futi kamba kabla hujaondoka nyumbani.